Majaribio Yaliyobaki Chini ya Mstari

Kwanza tuelewane: hakuna mtu duniani anayempenda anayemwonyesha kasoro zake. Mwambie mtu shati lake limechanika mgongoni, atakushukuru kwa mdomo, na moyoni atakununia mpaka jioni. Sasa chukua mwanamke ambaye kazi yake, anayolipwa kila mwisho wa mwezi, ni kuwaambia wenzake mashati yao yamechanika. Asubuhi anawaambia, mchana anawaambia, na jioni wakifunga mikoba anawaita warudi watazame. Ndiyo maana ofisini walimwita Bi Kasoro, na ndiyo maana meza yake ilikaa peke yake pembeni, karibu na mtungi wa maji. Watu walifika pale, wakajaza bilauri, wakasema "habari za kazi," wakaondoka kabla hajajibu.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ghorofa ya nne, ikitengeneza programu ya simu kwa ajili ya wagonjwa wa hospitali kubwa. Mgonjwa akiwa nayo kwenye simu aliweza kuweka siku ya kliniki, kusoma majibu ya vipimo, kuagiza dawa zake zilizokwisha, na kukumbushwa dozi. Mafundi waliandika programu, Bi Kasoro akaipima kabla haijawafikia watu. Alikuwa na majaribio yake yameandikwa kwenye kompyuta, mamia, na kila moja linasema: bonyeza hapa, kisha hapa, na unatakiwa uone hiki. Usipokiona, pana kasoro, nenda kamwambie fundi. Kuyapitia yote kwa mkono kulichukua kama majuma mawili, na alikuwa hana msaidizi. Walikuwa wakimwahidi msaidizi tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Nyumbani kwake napo palikuwa pakimya. Mume aliyekuwa naye aliondoka zamani bila hata ugomvi, na afadhali angegombana, maana mtu akigombana nawe angalau umejua kwamba upo. Watoto hawakujaliwa. Wazazi walishatangulia. Jioni alifungua mlango, akawasha redio ili pawe na sauti ya mtu, akala akiwa amesimama jikoni kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia uchungu.

Damu yake iliyobaki ilikuwa moja, mdogo wake wa kiume, aliyekaa mji mwingine mbali. Huyo watu walimwita Refa, na refa kweli alikuwa, wa mpira wa miguu, mwenye filimbi na mbio zake. Miaka mingi mashabiki walimtukana "refa kipofu" kila alipowanyima penalti. Halafu ugonjwa wa sukari ukamshika, ukaingia machoni, na taratibu ukazima yote mawili. Alipotoka hospitali mara ya mwisho alisema, "Mashabiki dua zao zimepokelewa." Watu walicheka. Dada yake hakucheka, aliingia chooni akalia.

Alimwomba ahamie kwake. Refa akakataa. "Nije nikae kwenye kochi lako nisubiri urudi kazini, dada? Nitaoza." Dada mtu akaona amekataliwa yeye, si kochi. Akanuna. Refa naye akanuna kwa kuwa amenuniwa, na ukoo wao kwa kununa haujambo kabisa. Tangu hapo wakawa wanapigiana simu za kuambiana kwamba hawajafa. Umekula? Nimekula. Sukari? Ipo sawa. Haya, lala salama. Siku moja tu ndipo Refa alipoongeza neno, tena kwa kujidai. Alisema amejifunza kutumia simu kwa kusikiliza. Akipitisha kidole kwenye kioo, simu inamsomea kila kilichoandikwa. Siku hizi anaagiza dawa zake mwenyewe kwenye ile programu ya hospitali, wala hamwombi mtu macho.

Bi Kasoro alitaka kumwambia, ile ninaipima mimi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini Refa alikuwa ameshasema "haya," na baada ya haya hakuna mazungumzo. Basi kwa Refa dada yake akabaki kuwa mtu wa "kazi za kompyuta," na ungemuuliza kazi gani hasa, asingejua.

Sasa sikiliza kilichotokea. Toleo jipya la programu lilikuwa limekamilika, na jambo kubwa ndani yake lilikuwa hili: simu moja iweze kubeba wagonjwa zaidi ya mmoja. Mama mwenye watoto watatu awe nao wote kwenye simu yake, kila mtoto na dozi zake. Bi Kasoro alipewa majuma yake mawili. Jumanne asubuhi, akiwa ndiyo kwanza anafungua jaribio la kwanza, Meneja akaja hadi kwenye mtungi wa maji bila bilauri. Meneja alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa, na akija bila bilauri ujue kuna msiba.

"Mama, kuna kabadiliko kadogo," alisema.

"Kadogo kiasi gani?"

"Hospitali wanazindua Ijumaa hii."

Bi Kasoro akavua miwani. "Ijumaa hii hii?"

"Mgeni rasmi kapatikana. Ana nafasi Ijumaa tu, baada ya hapo anasafiri. Wameshachapisha kadi za mwaliko."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mgeni hata kufika alikuwa hajafika na mwenyeji keshaanza kuumwa kichwa. Bi Kasoro hakupiga kelele, hiyo haikuwa tabia yake. Aliuliza tu kama wanaweza kuzindua bila kuitoa kwa wagonjwa, mgeni akate utepe, programu ifuate baadaye. Meneja alitikisa kichwa. Mgeni atabonyeza kitufe mbele ya kamera, na hapo hapo toleo jipya litafika kwenye simu za wagonjwa wote, likisubiri wao kulikubali.

"Sasa tutapima nini na tutaacha nini?" Meneja aliuliza. "Mimi naona tuanze na zile kurasa atakazoziona mgeni. Rangi, nembo, picha ya mkurugenzi."

"Picha ya mkurugenzi ikikaa upande, nani atakufa?"

Meneja akatafakari. "Labda mimi."

Bi Kasoro karibu acheke. Akamvutia kiti, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, kwa kuwa hapakuwa na watu wa kuvutiwa viti. Akamweleza. Alimwambia kwamba muda ukikatwa, mtu mjinga hupima kwa kufuata orodha ilivyoandikwa, kuanzia juu kushuka chini, mpaka muda umwishie njiani. Na alichokiacha kinakuwa ni bahati nasibu. Mtu mwenye akili huipanga upya orodha kwanza. Kila jaribio unaliuliza mambo matatu. Hiki kikiharibika, kinamuumiza nani, na kwa kiasi gani? Kinaelekea kuharibika kweli, maana ni kipya, au kimeguswa, au kina historia ya kuharibika? Na kukipima kunakula muda gani?

"Yale mawili ya kwanza unayapa alama, unazizidisha," alisema. "La tatu unalitazama mwisho, ili jaribio moja refu lisimeze mafupi manne yenye thamani. Halafu tunaanza na lenye thamani kubwa, tunashuka. Ukinijia saa yoyote ukasema muda umekwisha, basi niliyoyapima yawe na uzito kuliko niliyoyaacha."

"Na rangi?"

"Rangi ni dakika chache. Nitaziangalia kabla ya mgeni wako kunawa mikono."

Siku nzima ile aliitumia kupanga, na mafundi wakimpita walinong'ona kwamba Bi Kasoro ana siku tatu na moja anaichezea kwa kuandika alama. Waache wanong'one. Mpishi anayechambua mchele kabla ya kuuinjika hajachelewa. Juu kabisa aliweka kuingia kwenye programu, kwani mlango usipofunguka hakuna chumba utakachokikagua. Likafuata lile jambo jipya, wagonjwa wengi simu moja, na dozi zao: madhara makubwa kabisa, na uwezekano mkubwa, maana msimbo wake, yale maandishi ya mafundi, haukuwa hata na mwezi. Kwenye orodha ya zamani majaribio hayo yalikuwa mkiani, kwa sababu moja tu ya kipuuzi, kwamba yaliandikwa mwisho. Yakaja maagizo ya dawa, yakaja majibu ya vipimo, yakaja siku za kliniki. Yale ya kubadilisha picha yako na kuchagua rangi ya usiku yakateremka chini yakatulie.

Ndipo akafika kwenye usomaji kwa sauti.

Majaribio hayo yalikuwa machache, na aliyajua moja moja. Anaweka visikizi masikioni, anafumba macho, anapitisha kidole kwenye kioo na kusikiliza kama kila kitu kinatajwa jina lake. Kikiharibika kinaumiza nani? Mgonjwa mmoja katika mia, pengine pungufu. Ila huyo mmoja anaumia kweli. Kinaelekea kuharibika? Hapana, hakuna aliyekigusa katika toleo hili, na hakijawahi kusumbua. Kinakula muda gani? Aliandika: nusu siku. Kwa kuwa yeye mwenye macho yake alipoyafumba aligeuka mlevi gizani. Alipotea, akarudi mwanzo, akabonyeza visivyobonyezwa, na kila alipomaliza kichwa kilimgonga.

Alama zikazidishwa. Usomaji kwa sauti ukaangukia chini ya mstari, yaani chini ya pale muda utakapoishia. Bi Kasoro aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Kidole chake kilikuwa juu ya kipanya. Angeweza kuongeza alama mbili tu, nani angejua? Hakuna aliyekagua alama zake. Lakini roho yake ikamsuta: unapandisha kwa haki au kwa undugu? Ungekuwa humjui kipofu hata mmoja ungeweka alama ngapi? Akaondoa mkono. Mwenzangu, kuna watu wanyoofu wanaojipinda upande wa pili kwa kuogopa kupinda.

Jumatano asubuhi, chai haijapoa, jaribio la nne likapiga ukelele. Alikuwa amejitengenezea watoto wawili wa uongo kwenye simu, mkubwa na mchanga. Akamfungua mkubwa, na kabla ukurasa haujamaliza kupakia, akahamia kwa mchanga, kama mama yeyote mwenye haraka na mtandao wa kusuasua angefanya. Jina lililotokea juu lilikuwa la mchanga. Dozi iliyotokea chini ilikuwa ya mkubwa. Akarudia, ikawa vile vile. Mara ya tatu alirudia akiwa amesimama.

Alimwendea fundi mwenyewe. Fundi huyu walimwita Kesho, kwa maana kila ulipomuuliza kitu kitakuwa tayari lini, jibu lilikuwa hilo. Kesho alipomwona anakuja na simu mkononi alishusha pumzi.

"Shikamoo mama. Nini tena?"

"Marahaba. Tazama jina. Haya, tazama dozi."

Kesho alitazama. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani, wa miezi michache. Uso wake ulibadilika, na siku hiyo hakutaja kesho. Alifungua kompyuta hapo hapo, akaacha hata chakula cha mchana. Meneja alipoarifiwa alikaa chini kwenye kiti cha mtu mwingine. Akauliza, kama tungefuata orodha ya zamani, hili tungelikuta lini? Bi Kasoro akamjibu kwamba wasingelikuta, wangelikuta wazazi.

Kuna siku mtu anastahili kushangiliwa. Mafundi walikusanyika kwenye meza ya Kesho, wakazungumza, wakapigana mabega, mmoja akaleta soda kwa ajili ya kumtia Kesho nguvu. Bi Kasoro alirudi kwenye meza yake karibu na mtungi akaendelea na jaribio la tano. Hakuna aliyemletea soda. Sisemi kwa ubaya, walisahau tu. Lakini aliisikia ile milio ya vizibo, na aliihesabu.

Alhamisi mchana Kesho akaleta dawa ya kasoro. Alikuwa ameufumua ule ukurasa wa mgonjwa na kuushona upya kutoka mwanzo, jina na dozi vikitoka mahali pamoja visiweze kuachana. Kazi safi. "Na nimepanga vitufe vizuri zaidi," aliongeza, mwenye fahari. "Maneno yalikuwa yanabanana, nimeweka picha. Kidonge cha kuagiza dawa, kalenda ya kliniki, msalaba wa kufuta. Ukurasa unapumua sasa."

Hapo, mpimaji wa kweli akisikia kitu kimeguswa, orodha yake inaguswa pia. Alama za jana ni za jana. Bi Kasoro aliketi akapanga upya. Kwanza apime kama ile dawa imeponya kweli. Pili, apime majirani wa kile kilichoguswa: maagizo, kliniki, vikumbusho. Akafika tena kwenye usomaji kwa sauti. Ule ukurasa sasa umeguswa, na vitufe vimebadilishwa maneno kwa picha, na picha isiyoandikiwa jina sauti haiwezi kuitaja. Uwezekano wa kuharibika haukuwa tena mdogo. Akaupandisha, kwa haki, na safari hii roho haikumsuta. Ukapanda, ukapanda, ukagota chini kidogo tu ya mstari. Kilichouzuia ni ile safu ya tatu, ya muda: nusu siku. Katika nusu siku angepima maagizo ya dawa na vikumbusho vyote, vya wagonjwa tisini na tisa katika kila mia.

Alimwendea Meneja akamwomba siku moja zaidi. Meneja alimwonyesha simu yake, ujumbe kumi na kitu kutoka hospitali kuhusu viti na maturubai. Akamwomba basi fundi mmoja amsaidie kupima. Mafundi wote walikuwa wanaziba nyufa nyingine. Akaomba angalau ile programu isiingie kwenye simu zinazotumia sauti. Kesho akasema hilo lenyewe ni kazi ya siku mbili.

"Ni wangapi wanaotumia sauti?" Meneja aliuliza.

"Mmoja katika mia."

"Mama, si umenifundisha mwenyewe juzi?"

Alikuwa kamfundisha. Asiyekuwepo na lake halipo, na kwenye kile chumba hakuwepo hata mmoja wa wale wa mmoja katika mia. Ijumaa asubuhi Bi Kasoro aliandika ripoti yake, nayo haikuficha kitu: haya yamepimwa, haya yamepona, na usomaji kwa sauti haujapimwa tangu ukurasa wa mgonjwa ubadilishwe, unaweza kuwa umeharibika. Meneja alisoma mpaka mwisho, akasema litakuwa la kwanza katika toleo lijalo, na alisema kwa moyo mweupe. Mgeni rasmi alibonyeza. Watu walipiga makofi. Picha ya mkurugenzi ilikaa wima.

Bi Kasoro alirudi nyumbani mapema, akafungua mlango, akawasha redio. Simu ilikuwa mezani. Ingetosha kumpigia Refa, kumwambia, usikubali toleo jipya kwanza, subiri. Maneno matano. Lakini hapo ingebidi aeleze amejuaje, na kwa nini miaka yote hakusema, na kwa nini aliyajua mapema akanyamaza. Alijiambia huenda vitufe ni vizima. Alijiambia, sitaki kumtia hofu bure. Mtu mpweke ana wakati mwingi wa kujiambia mambo.

Jumapili akapiga.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Sukari?"

Refa hakusema ipo sawa. "Sijui, dada. Yule jirani ndiye anayejua."

"Jirani gani?"

"Mke wa fundi seremala. Ile programu imebadilika. Zamani nikipitisha kidole inaniambia, agiza dawa, kliniki, futa. Sasa inasema kitufe. Napeleka kidole mbele, kitufe. Mbele tena, kitufe. Kama nimekaa na mlevi mmoja anarudia neno." Alicheka kidogo, halafu akaacha. "Nikasema mimi nilikuwa refa, nitaamua. Nikabonyeza kimoja. Kumbe ndicho cha kufuta. Siku yangu ya kliniki imekwenda, na kupata nyingine ni mwezi ujao. Ikabidi nimwite jirani anibonyezee. Mama wa watu mwema sana, na mwenye sauti pia. Amenisomea na majibu ya vipimo, mlango wazi, na figo zangu, na mambo yangu ya haja ndogo. Uani kwetu sasa wote wananipa pole."

Bi Kasoro alizima redio.

"Si kitu," Refa alisema. "Hao waliotengeneza hawajui kama tupo. Utawalaumu vipi?"

Angeweza kusema pole, akasema haya, na simu ikaisha kama zote. Ndiyo njia iliyokuwa imelimwa. Lakini hilo neno, hawajui, hakuweza kuliacha lipite. Kwani lilikuwa linamsamehe kwa kosa ambalo si lake na kuliacha lililo lake.

"Wanajua," alisema. "Ni mimi, mdogo wangu."

"Ni wewe nini?"

"Ninayeipima hiyo programu kabla haijakufikia. Ni kazi yangu, miaka yote. Walitukatia muda, nikapanga kipi kipimwe kwanza na kipi kiachwe. Hicho chako nikakiacha. Nilijua vitufe vimeguswa. Nilijua wewe unavitumia."

Mtoto wa mtu alikuwa akilia upande wa Refa, mbali.

"Ulitanguliza nini?" Refa aliuliza, kwa sauti ile ya uwanjani, ya mtu anayetaka kusikia maelezo kabla ya kutoa kadi.

Akamweleza. Akamweleza habari ya mtoto mkubwa na mchanga, jina juu na dozi chini, na jinsi wasingeligundua. Akamweleza alama zinavyozidishwa. Hakujitetea, alieleza tu kama kazi ilivyo, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumweleza mtu kazi yake nje ya ofisi. Refa alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Hapo uko sawa," alisema. "Mtoto kwanza. Mimi hata ningekuwa na filimbi, hapo nisingepuliza. Ila nikuulize, hicho changu ulikiacha kwa nini hasa? Kwa sababu tuko wachache?"

"Hapana. Kwa sababu ya muda. Kinachukua nusu siku."

"Nusu siku kufanya nini?"

"Kupitia kurasa zote kwa kusikiliza. Nafumba macho, naweka visikizi..."

Refa akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha zamani, cha kabla ya sukari na kabla ya kochi, na dada yake hakujua ashukuru au alie. Kisha kikakatika.

"Unafumba macho," alisema. "Dada, mimi ile programu naipita yote, mwanzo mpaka mwisho, uji wangu haujapoa. Vile vitufe ningekuambia vimekufa kabla hujamaliza kunisalimia."

Bi Kasoro akaiona ile safu ya tatu mbele yake. Nusu siku. Aliandika kwa mkono wake, akapanga dunia nzima juu yake, na hakujiuliza hata mara moja, nusu siku ya nani.

"Ungenipigia tu," Refa alisema.

Hakulaumu. Afadhali angelaumu. Bi Kasoro alitafuta la kujibu, kwamba alikuwa na kazi nyingi, kwamba hakutaka kumsumbua, na kila alilolishika lilikuwa la uongo. Wakakaa hivyo, simu masikioni, kila mmoja akimsikia mwenzake anapumua, na hakuna aliyesema haya.